Asilimia ya nani? Kuisoma namba ya ugonjwa Kagera

Jioni hii nataka tukae na namba za magonjwa ambazo mkoa wetu umesomewa kwenye taarifa za habari kwa miaka 40 sasa. Namba zenyewe si mbaya, na waliozikusanya walifanya kazi ya heshima. Tatizo liko njiani, kati ya ripoti na sikio la msikilizaji, kwa sababu kuna maneno kama kiwango, wastani na uhusiano ambayo tunayapokea kana kwamba yamejieleza yenyewe.

Tuanze na jambo ambalo kila mmoja wetu analikumbuka. Tarehe 21 Machi 2023, Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, alitangaza kwamba ugonjwa uliokuwa ukiua watu hapa Bukoba Vijijini ni Marburg. Siku hiyo hesabu ilikuwa wagonjwa 8, na 5 kati yao walikuwa wameshafariki. Mlipuko ulipotangazwa kwisha, tarehe 2 Juni, hesabu ilikuwa wagonjwa 9 na vifo 6. Sasa chukua karatasi. Watano kati ya wanane ni asilimia 62.5. Sita kati ya tisa ni karibu asilimia 67. Orodha imeongezeka mgonjwa mmoja tu na kifo kimoja tu, na tayari kiwango kimepanda kwa zaidi ya pointi 4 za asilimia. Kama kifo hicho kimoja kisingetokea, tungekuwa na watano kati ya tisa, yaani karibu asilimia 56. Kirusi ni kile kile, hospitali ni ile ile, wauguzi ni wale wale. Ukiwa na watu tisa tu, uhai wa mtu mmoja unaitikisa asilimia yote.

Mwaka 2025 ugonjwa ukarudi, safari hii Biharamulo. Mlipuko ulipofungwa tarehe 13 Machi, hesabu ilikuwa wagonjwa 10 na vifo 10. Asilimia 100. Nilisikia watu wakisema kirusi kimekuwa kikali zaidi kuliko kile cha 2023 cha Maruku na Kanyangereko. Angalia lakini hao kumi walivyopatikana. Wawili tu ndio waliothibitishwa kwa kipimo cha maabara. Wanane walikuwa wamefariki kabla ya kupimwa, wakaingizwa kwenye hesabu kwa sababu dalili zao na watu waliokutana nao vilionyesha kwamba huenda ilikuwa Marburg. Ukiwatafuta wagonjwa kwa kufuata vifo, waliougua wakapona wakiwa nyumbani ni rahisi kukupita. Shirika la Afya Duniani limerekodi milipuko ya Marburg iliyoua asilimia 24 ya wagonjwa, na mingine iliyoua 88. Sehemu ya tofauti hiyo ni matibabu, sehemu ni jinsi wagonjwa walivyotafutwa na kuhesabiwa.

Kuna jambo jingine hapo. Kiwango hicho ni vifo kati ya waliohesabiwa kuwa wagonjwa. Hakisemi chochote kuhusu uwezekano wa wewe uliyepo Kashai au Rwamishenye kuupata ugonjwa. Katika mkoa ambao sensa ya 2022 iliukuta na watu karibu milioni 3, wagonjwa wa 2023 walikuwa tisa. Mtu aliyesikia "unaua asilimia 67" akaogopa kupanda basi la Muleba alikuwa amechukua namba ya watu waliokwisha kuugua akaivisha abiria wote. Asilimia yoyote ina watu wake. Ukiikuta haijasema watu wake ni nani, bado hujapewa habari kamili.

Nimeanza na Marburg kwa sababu hesabu yake inaenea kwenye kiganja. Ugonjwa ambao namba zake zimeugusa mkoa huu kuliko mwingine wowote ni UKIMWI, na huko ndiko nataka tukae zaidi.

Mwaka 1983, hospitali ya Ndolage, kule Muleba, ndiko walikotambuliwa wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kuripotiwa nchini Tanzania. Wakati huo watu wetu walikuwa na jina lao la ugonjwa huo: Juliana. Wazee wanakumbuka lilikotoka. Ilikuwa aina ya nguo zilizoletwa na wafanyabiashara wa magendo kutoka Uganda baada ya vita ya Kagera. Watu wakaona kwamba wanaovaa Juliana ndio wanaokonda na kufa. Na waliona sawasawa! Sitaki mtu awadharau kwa hilo. Uhusiano kati ya nguo na ugonjwa ulikuwepo: penye Juliana kwa wingi, na wagonjwa walikuwa wengi. Ila nguo haikuwa na kosa. Aliyeweza kuinunua, au kupewa, alikuwa karibu na biashara ya mpakani, yenye fedha, safari, nyumba za kulala wageni na wapenzi wa mji huu na mji ule. Nguo na kirusi vilisafiri kwa njia moja.

Wanatakwimu wanaposema mambo mawili yana uhusiano, wanamaanisha kwamba moja likiongezeka, jingine nalo huelekea kuongezeka, au kupungua, kwa mpangilio unaoonekana. Hawajasema moja linaleta jingine. Ili kujua, ungehitaji kulinganisha watu wa maisha yanayofanana: wafanyabiashara wenye Juliana na wafanyabiashara wasio nayo. Kama nguo ndiyo yenye madhara, tofauti itabaki. Kama njia ndiyo yenye madhara, tofauti itatoweka. Leo ukisikia taarifa kwamba watu wa mijini, au wenye kipato kikubwa, wana VVU zaidi kuliko maskini wa vijijini, jambo ambalo tafiti za nchi yetu zililionyesha mara kadhaa, usikimbilie kusema fedha inaambukiza wala kwamba umaskini unakinga. Uliza ni kitu gani kinachotembea pamoja na fedha.

Mwaka 1987 ndipo namba ya kwanza ya uhakika ilipopatikana. Mradi wa Utafiti wa UKIMWI Kagera, ulioendeshwa na Muhimbili pamoja na Chuo Kikuu cha Umeå cha Uswidi, ulifanya jambo gumu. Haukuwapima wagonjwa waliojileta hospitali, maana hao wangekuwa wengi wenye VVU kuliko jamii ilivyo. Ulichagua kaya kwa bahati nasibu, ukawafuata watu wazima majumbani. Wanaofanya kazi hii wanajua ugumu wake: orodha ya kaya ikishatoka, huruhusiwi kuruka nyumba ya mlimani ukachukua ya barabarani kwa sababu mvua inanyesha. Ukikuta mlango umefungwa unarudi. Ukianza kuchagua walio rahisi kupatikana, unakuwa umewapima wanaoshinda nyumbani, na wanaoshinda nyumbani hawafanani na wavuvi wala madereva.

Majibu yalikuwa haya: Bukoba Mjini, asilimia 24.2 ya watu wazima walikuwa na VVU. Bukoba Vijijini na Muleba, karibu asilimia 10. Ngara na Biharamulo, chini ya asilimia 1. Habari hiyo ilipotoka nje ya mkoa, kilichosafiri ni sentensi moja: robo ya watu wa Kagera wana UKIMWI. Mji mmoja ukawa mkoa mzima, watu wazima wakawa watu wote na watoto wao, na kuwa na VVU kukawa kuumwa UKIMWI. Makosa matatu katika pumzi moja, na kijana wa Ngara aliyekwenda kusoma mkoa mwingine akaulizwa kama ni mzima.

Watafiti walirudi. Mwaka 1993 Bukoba Mjini ilikuwa asilimia 18.3, na mwaka 1996 ikawa 13.3. Kutoka 24 hadi 13 kwa miaka tisa. Ni rahisi kulisoma hilo kama ushindi, na wengi walilisoma hivyo. Hebu tulitazame kwa karibu zaidi, maana hapa ndipo neno kiwango linapoweza kutupoteza kabisa.

Namba hii inawahesabu watu walio hai, siku ya kupimwa, wenye kirusi mwilini, kati ya watu wazima wote waliopimwa. Wataalamu wanaiita ushamiri. Ushamiri ni kama maji kwenye pipa: yanaongezeka kwa yanayoingia na yanapungua kwa yanayotoka. Yanayoingia ni maambukizi mapya. Yanayotoka, katika miaka ile ambayo dawa hazikuwepo, yalikuwa vifo. Kwa hiyo asilimia inaweza kushuka kwa sababu watu wameacha kuambukizana, na inaweza kushuka kwa sababu walioambukizwa wamezikwa. Karatasi ya ripoti inaandika namba ile ile kwa furaha na kwa msiba.

Na miaka yenyewe inatisha ukiipanga. Ng'ambo ya mpaka, huko Masaka, Uganda, watafiti waliwafuatilia watu tangu walipoambukizwa mpaka mwisho, wakachapisha matokeo mwaka 2002: mediani ya muda kutoka kuambukizwa hadi kufa, bila dawa, ilikuwa miaka 9.8. Neno hilo mediani limewaumiza watu bila sababu, hivyo tusimame kidogo. Mediani ni aliye katikati. Wapange watu wote kwa muda walioishi, kuanzia mfupi hadi mrefu, kisha mtafute anayegawa mstari nusu kwa nusu. Nusu walifariki kabla ya miaka 9.8, baadhi yao mapema sana, na nusu walipita hapo, baadhi kwa miaka mingi. Aliyeambiwa "una miaka kumi" alipewa kitu ambacho namba haikusema.

Kwa nini watafiti hawakutumia wastani wa kawaida, wa kujumlisha na kugawanya? Sababu ni nzuri, na ni ya kibinadamu pia. Siku ya kufunga daftari, baadhi ya watu walikuwa bado hai. Huwezi kuujumlisha muda wa mtu ambaye hajaufikia mwisho wake. Ukiwaacha nje, unawahesabu waliokufa tu na jibu linakuwa fupi kuliko ukweli. Mediani haihitaji kujua aliyeishi zaidi aliishi mpaka lini. Inatosha kujua kwamba ameshapita katikati. Ndiyo maana ukisoma habari za kansa au za moyo utaikuta mediani kila mahali, na kila mahali nusu ya watu wako upande wa pili wake.

Turudi Bukoba. Kama maambukizi yalishika kasi mjini mwanzoni mwa miaka ya 1980, na nusu ya walioambukizwa wanafariki ndani ya takriban miaka kumi, basi kati ya 1987 na 1996 wengi walikuwa wanatoka kwenye hesabu kwa njia ya makaburi. Waliokuwa na umri wa kuelewa miaka hiyo hawahitaji mtakwimu awaambie. Vilio vilifuatana kitongoji kwa kitongoji, na bibi wengi walibaki na wajukuu kwenye kibanja. Je, basi kushuka kote kulikuwa vifo?

Watafiti walilijua swali hilo, na njia waliyotumia kulijibu naipenda sana. Waliwatazama vijana peke yao, hasa wasichana wa miaka 15 hadi 24. Msichana wa miaka 18 aliyekutwa na VVU hawezi kuwa ameambukizwa kingono miaka kumi iliyopita, ameambukizwa juzijuzi. Na kwa kuwa ni juzijuzi, wenzake walioambukizwa pamoja naye wengi bado hawajafariki. Kwa rika hilo yanayotoka ni kidogo, kwa hiyo ushamiri wake unafuata yanayoingia. Na ni katika rika hilo la wasichana ambako kushuka kulionekana kwa nguvu. Basi vifo vilikuwepo, tena vingi, na bado tabia za watu wa mji huu zilikuwa zimebadilika kweli. Hilo halikujulikana kwa kuitazama 13.3 peke yake, hata ungeitazama mchana kutwa. Lilijulikana kwa kuuliza 13.3 ya nani.

Sasa tuje kwenye tafiti za kitaifa. Ule wa 2007 na 2008 ulikuta ushamiri wa asilimia 3.4 Kagera, kwa watu wa miaka 15 hadi 49. Wa 2011 na 2012 ukakuta asilimia 4.8, wakati taifa lilikuwa limeshuka kutoka 5.7 hadi 5.1. Unaweza kuisikia taarifa yenyewe masikioni: Kagera yapanda huku nchi ikishuka. Kabla ya kulaumiana, tuulize walipimwa wangapi.

Utafiti wa kitaifa unapima maelfu ya watu, lakini wakigawanywa kwa mikoa, kila mkoa unabaki na mamia tu. Tuseme, kwa mfano wa kufanyia hesabu, Kagera walipimwa 600 kila mara. Hapo ndipo inapoingia ile inayosomwa haraka mwishoni mwa habari, "kiwango cha makosa juu au chini". Haimaanishi kwamba kuna mtu alikosea kuandika. Inamaanisha hivi: kama bahati nasibu ingechagua watu wengine 600, wenye haki sawa ya kuchaguliwa, jibu lingetofautiana kidogo, na hiki ndicho kipimo cha utofauti huo. Kwa watu 600 na asilimia 3.4, inakuja karibu 1.5 kila upande. Kwa hiyo ukweli wa 2007 na 2008 unaweza kuwa popote kati ya takriban asilimia 1.9 na 4.9. Kwa 4.8 inakuja karibu 1.7, yaani kutoka 3.1 hadi 6.5. Vipande hivyo viwili vinapandana. Tofauti ya 3.4 na 4.8 ni 1.4, na ukichanganya makosa ya pande zote mbili unapata zaidi ya 2. Kwa namba hizo, mtu mwaminifu hawezi kusema kama Kagera ilipanda, ilishuka au ilibaki palepale.

Hali halisi ni pana zaidi ya hapo, kwa sababu wadadisi hawachagui watu mmoja mmoja mkoa mzima. Wanachagua maeneo, kisha kaya ndani ya eneo. Watu wa mtaa mmoja wa wavuvi wanafanana kuliko watu waliotawanyika, kwa hiyo 600 wa namna hiyo wana habari pungufu ya 600 waliotawanyika. Na kupunguza kosa hilo nusu kunataka watu mara nne, siyo mara mbili. Fedha za kupima mara nne mara nyingi hazipo, ndiyo maana namba ya mkoa daima italegea kuliko ya taifa. Niwaombe wenzangu wa vyumba vya habari: ripoti inapotoka, fungueni jedwali la mikoa mwangalie safu ya idadi ya waliopimwa kabla ya kuandika kichwa cha habari.

Baadaye, utafiti wa 2016 na 2017 ukakuta asilimia 6.5 hapa Kagera. Kutoka 3.4 hadi 6.5 ni tofauti ya 3.1, na hiyo inazidi hata kosa tulilolipiga hesabu. Hapa tuna haki ya kusema huenda kuna kitu kimebadilika. Ila kwanza, watu wenyewe si wale wale: utafiti wa 2016 na 2017 uliwaingiza na waliopita miaka 49, wakati wa 2007 na 2008 uliishia hapo. Pili, kuna pipa. Kati ya tafiti hizo dawa za kufubaza VVU zilikuwa zimeenea hadi vituo vya vijijini, baada ya mpango wa taifa kuanza mwaka 2004. Yanayotoka yalizibwa. Watu wakaacha kufa, na kila asiyekufa akabaki kwenye hesabu.

Kwa hiyo anayetaka kujua kama vita dhidi ya kirusi inashindwa au inashinda asiishie kwenye ushamiri. Atafute maambukizi mapya, yanayohesabiwa kwa mwaka kati ya watu ambao bado hawana VVU. Utafiti uliotolewa Desemba 2023 ulikadiria kwa nchi nzima asilimia 0.18 kwa mwaka, yaani watu wazima karibu wawili kwa kila elfu moja, ambao kwa jumla ni kama watu 60,000. Hiyo ndiyo namba ya kuumiza kichwa. Ushamiri wa taifa katika utafiti huo huo ulikuwa asilimia 4.4, na ndiyo iliyosomwa zaidi redioni.

Jioni hii kuna mama Muleba aliyeanzishiwa dawa mwaka 2006, akiwa amekonda, watoto wake wakiwa shule ya msingi. Mdadisi alipobisha hodi miaka kumi baadaye alimkuta shambani, akamtoa damu, akamwandika. Yumo ndani ya ile 6.5. Mwaka 1996, mtu wa hali yake hakuwa sehemu ya asilimia yoyote.